Muhtasari wa kikao cha kamati umezua ugomvi kwenye klabu: mechi, mdhamini na uwanja. Nimekosea wapi?

KatibuChipukizi

Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa klabu ya mpira ya mtaani kwetu, Temeke. Nina miezi miwili tu kwenye kiti. Aliyenitangulia amehamia Dodoma, ameniachia daftari moja na muhuri.

Kamati ya utendaji ina wajumbe 9. Jumapili tulikaa tukapitisha mambo matatu: mechi 6 za kirafiki za Agosti na Septemba, mdhamini wa msimu, na matumizi ya kiwanja cha shule ya msingi ambacho mwalimu mkuu ametukubalia. Nikaandika muhtasari, nikauweka kwenye grupu la wanachama. Tangu hapo simu haipoi. Nimeandika hivi:

*Agenda Na. 3: Mechi za kirafiki. Wajumbe walijadili kwa kina na kukubaliana zichezwe mechi 6 kila Jumamosi, 4 nyumbani na 2 ugenini.*

*Agenda Na. 4: Mdhamini. Kamati ilipitia maombi na kuazimia kufanya kazi na kampuni ya maji.*

*Agenda Na. 5: Uwanja. Timu zote zitumie uwanja kwa kupokezana na kwa upendo.*

Wanachama wanasema mhazini kala hela. Timu ya wanawake wamesusa mazoezi. Na jana mwalimu mkuu kanipigia kuniuliza nani kaniambia uwanja uko wazi Jumamosi zote. Naombeni mwongozo.

FundiJezi_Kkoo

Mkuu kama unatafuta mdhamini anza na jezi nzuri, mdhamini haangalii timu iliyovaa jezi zilizopauka. Sisi tunachapa kuanzia pea 15, jina na namba mgongoni bure. Karibu inboksi.

KatibuChipukizi

Asante kaka, ila mdhamini tunaye. Tatizo ni karatasi.

MzeeWaKipenga

Kijana, pole. Nimekuwa katibu wa klabu miaka 14 na refa kabla ya hapo, kwa hiyo hayo maneno "walijadili kwa kina" nayajua, niliyaandika sana ujanani. Hayasemi kitu. Mtu ambaye hakuwepo akisoma hajui mlilinganisha nini na nini, anaijazia mwenyewe hiyo nafasi, na watu wa grupu huwa hawaijazii kwa mazuri.

Kabla sijasema zaidi nijibu manne. Walihudhuria wangapi? Waliotaka kudhamini walikuwa wangapi na kila mmoja aliandika nini kwenye barua yake? Barua ya mwalimu mkuu inasemaje kuhusu siku? Na hizo mechi 4 za nyumbani mlizipanga Jumamosi zipi?

KatibuChipukizi

Tulikuwa 5, wanne walitoa udhuru. Barua za udhamini zilikuwa mbili.

Kampuni ya kubashiri: milioni 5. Milioni 1 wakisaini, milioni 4 tukipanda daraja.

Kampuni ya maji: milioni 3. Milioni 1.5 wakisaini, milioni 1.5 baada ya bango lao kuwekwa kwenye mechi 4 za nyumbani kabla ya mwisho wa Septemba.

Mwalimu mkuu hakuandika barua, tulizungumza tu. Nyumbani tumepanga Jumamosi ya 1, 4, 5 na 6. Ya 2 na ya 3 ugenini.

Mtumzima_Tandika

Mbona rahisi? Mwenyekiti si bado hajasaini? Futa, andika upya, weka maelezo yanayowaridhisha. Muhtasari ambao haujathibitishwa ni rasimu tu. Nimekaa serikali za mitaa, najua.

MzeeWaKipenga

Mtumzima, nusu yako ni kweli. Rasimu inasahihishwa mpaka kikao kinachofuata kiithibitishe. Lakini unasahihisha ulichokosea kuandika. Kitu ambacho hakikusemwa chumbani hukiongezi nyumbani kwako usiku. Hizo hela za barua mbili zilisomwa kikaoni?

KatibuChipukizi

Zilisomwa, mimi ndiye niliyezisoma.

MzeeWaKipenga

Basi hizo ziingize bila wasiwasi, ulizisahau tu. Na ukiziingiza utaona ugomvi wa mhazini unapungua wenyewe. Wanachama wanasikia milioni 5 zimekataliwa, 3 zimechukuliwa, nani asingehisi kuna mtu kala? Ukiandika kwamba ndani ya zile 5 ya uhakika ni 1 tu, na nyingine 4 zinategemea kupanda daraja, msomaji anafanya hesabu mwenyewe.

Ila swali ambalo sikuuliza mwanzo nauliza sasa: kuna mjumbe yeyote mwenye undugu au biashara na moja ya hizo kampuni?

Pwani254

Kutoka Mombasa, salamu. Mimi nasema mlifanya vyema kukataa hiyo ya kubashiri. Hapa Kenya tulijionea Januari 2018, kodi ya michezo ya kubahatisha ilipopanda hadi asilimia 35, SportPesa wakakata udhamini wao wa michezo nchini. Gor Mahia na AFC Leopards wote waliguswa kwa siku moja. Timu yetu ya basketiboli haikuwa na mkataba nao lakini mfadhili wetu mdogo naye akaingiwa na baridi. Pesa za kubashiri zinakuja na msimu wake.

Mtumzima_Tandika

Mombasa mnatutisha. Yanga wamevaa SportPesa tangu 2017 na hawajafa njaa. Hela ni hela.

Pwani254

Yanga wana mashabiki nchi nzima, bwana. Timu ya mtaa mfadhili akiondoka haina hata wa kumlilia.

MzeeWaKipenga

Mada ya kubashiri mtaifungulia uzi wake. Kwa klabu hii kuna jambo moja tu la kuandikwa kwenye muhtasari: wana timu ya vijana?

KatibuChipukizi

Ipo, chini ya miaka 17. Na mwenyekiti alisema kikaoni kwamba hao hawawezi kuvaa jezi ya kubashiri kwa kuwa sheria inataka mtu awe na miaka 18 ndiyo abashiri. Sikuandika.

Kuhusu undugu... mhazini ana kaka yake ambaye ni wakala wa hayo maji, ana stoo Mbagala. Kila mtu anajua. Hakuna aliyelitaja kikaoni, na yeye alipiga kura.

MzeeWaKipenga

Haya, hapo ndipo penye jipu, na halikutokana na mwandiko wako.

Usiandike kwamba "mhazini alitangaza maslahi yake na kutoka nje". Hakutangaza wala hakutoka. Ukiandika hivyo umetengeneza uongo wenye muhuri, na siku mambo yakifika chama cha wilaya wajumbe wanne watasema hawakusikia kitu hicho. Unachofanya: rasimu ibaki na ukweli wake. Kikao kijacho, kwenye Yatokanayo, mhazini aseme mwenyewe uhusiano huo, atoke, agenda ya mdhamini ipigiwe kura upya, na hayo yote uyaandike kwa saa yake: alitoka saa ngapi, walibaki wangapi, kura ngapi, alirudi saa ngapi.

Inawezekana kabisa maji yakashinda tena. Sawa, ila safari hii yatashinda bila maneno.

SalmaWinga7

Nasoma tu nacheka. Mimi ni wa hiyo timu ya wanawake, katibu ananijua. "Kwa kupokezana na kwa upendo." Jumatano tulifika saa 10 jioni, kaka zetu walikuwa wameshaweka koni uwanja mzima. Tukakaa kwenye ukuta mpaka saa 11:40. Tukapata dakika 40, jua likazama. Huo ndio upendo. Na mechi yetu ya ligi ni tarehe ileile wanayoanza wao.

KatibuChipukizi

Dada Salma nisamehe, kweli sentensi ile niliandika kikao kikiwa kinafungwa, watu wameshasimama.

MzeeWaKipenga

Dada Salma ana haki. Na hapa niseme jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote kwenye uzi huu: agenda zenu zilipangwa kinyume. Mmepanga mechi, mkachagua mdhamini aliyetaka mechi za nyumbani, halafu mwisho kabisa, watu wamesimama, mkagusa uwanja. Uwanja ndio unaosema una nyumbani ngapi. Mechi zinafuata uwanja. Mdhamini anakuja wa mwisho, maana mnachomuuzia ni hizo mechi.

Katibu, nenda kwa mwalimu mkuu kesho. Usimuulize "uwanja uko wazi?" Mpe orodha ya Jumamosi 6 na kalamu.

KatibuChipukizi

Nimetoka huko. Mzee, ulijuaje?

Jumamosi ya 4 ni mahafali ya darasa la saba. Turubai na viti vinafungwa katikati ya uwanja tangu Ijumaa. Jumamosi ya 5 inaangukia karibu na mtihani wao wa taifa, hataki mkusanyiko eneo la shule wiki nzima. Zilizobaki 1, 2, 3 na 6 ziko wazi. Amesaini.

Kwa hiyo kati ya mechi zetu 4 za nyumbani, 2 hazina uwanja. Na bila mechi 4 nusu ya pili ya hela haitoki. Milioni 1.5 hiyo inapepea.

Mtumzima_Tandika

Kodini uwanja mwingine hizo siku mbili. Viwanja vimejaa Dar.

KatibuChipukizi

Kukodi, marefa, maji, chaki, na kubeba magoli ya kuhamishika. Tutamaliza hela ya mdhamini kwa kumtafutia mdhamini mechi.

MzeeWaKipenga

Angalia kabla ya kukodi. Uwanja umefungwa Jumamosi ya 4 na ya 5. Ugenini mmepanga ya 2 na ya 3, siku ambazo uwanja wenu uko wazi. Zigeuzeni. Nyumbani iwe 1, 2, 3 na 6, ugenini 4 na 5. Mnarudi kwenye nne bila kuongeza mechi hata moja.

Ila hiyo ni simu nne, watu huwa wanadhani ni mbili. Wawili mliotakiwa kwenda kwao waombe waje kwenu, na wawili waliotakiwa kuja waombe wawapokee. Kila aliyekubali akutumie maandishi yenye tarehe, uwanja na saa ya kuanza, hata ujumbe wa simu unatosha, na uandike kwenye muhtasari ulipokelewa lini. Saa ni muhimu. Mei 8, 2021 pale kwa Mkapa watani wa jadi walipangiwa saa 11 jioni, ikasogezwa saa 1 usiku siku hiyohiyo. Yanga wakaja saa 11, wakaondoka. Uwanja umejaa, mechi haikuchezwa. Ikaja kuchezwa Julai 3. Kama wakubwa wale yanawakuta, nyie wa mtaani mnaopeana taarifa kwa bodaboda je?

SimbaDamu_Ubungo

Usisahau Machi 2025 mzee. Tulizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, na kanuni inatupa haki hiyo. Mechi ikaahirishwa.

MtotoWaJangwani

Na mkagoma kuleta timu. Malizia stori. Juni 25 mkaja, mkapigwa 2.

MzeeWaKipenga

Vijana, mbebe mabango yenu nje. Lakini wote wawili mmesaidia: hata pale chanzo kilikuwa nani aruhusiwe kuingia uwanjani saa ngapi kwa mazoezi.

Turudi kwa dada Salma. Shule inafungua uwanja saa ngapi na jua linawaacha saa ngapi?

KatibuChipukizi

Saa 10 mpaka saa 12 hivi, Jumatatu hadi Ijumaa. Taa hakuna. Maveterani wao wanapenda Jumapili asubuhi, hawana shida na mtu.

MzeeWaKipenga

Basi jioni 5. Ukigawa uwanja katikati kwa koni una nusu 10 kwa wiki. Hizo ndizo mali yenu, hakuna nyingine. Sasa zigawe mbele ya makocha wote watatu, kila anayepewa aone anayenyimwa. Mimi ningeanza na hivi:

Jumatatu nusu kwa wanawake, nusu kwa vijana. Jumanne uwanja mzima wanaume wakubwa. Jumatano uwanja mzima wanawake. Alhamisi mzima wakubwa. Ijumaa nusu wakubwa kwa mazoezi mepesi ya kesho yake, nusu vijana.

Wakubwa nusu 5, wanawake 3, vijana 2. Lazima kila timu ya ligi ipate angalau jioni moja ya uwanja mzima, maana kwenye nusu uwanja huwezi kufundisha beki kupanda na kurudi.

SalmaWinga7

Asante mzee, lakini kwa nini wao 5 sisi 3? Ligi moja, wilaya moja, tarehe moja. Kama kigezo ni mechi tuna mechi. Kama kigezo ni wachezaji sisi tuko 22, wao 25.

MzeeWaKipenga

Sina jibu zuri. Nimegawa kwa mazoea. Ukitoa nusu ya Ijumaa kwa wakubwa ukawapa nyie mnakuwa 4 kwa 4. Kocha wao atakataa, atasema ana mechi Jumamosi. Kamati iamue, na safari hii iandike sababu.

Pwani254

Kwetu tulikata shauri kwa mzunguko, kila mwezi mabadiliko. Wiki ya kwanza vurugu, baadaye watu wakazoea. Ingawa kocha mmoja alihama.

KatibuChipukizi

Mrejesho wa simu. Watatu wamekubali na wametuma ujumbe. Wa Jumamosi ya 3 amekataa, anasema ameshamlipa mwenye spika na mama ntilie wake wamejiandaa. Kwa hiyo tuna nyumbani 3: ya 1, ya 2 na ya 6. Nimeandika upya, nasomeni:

*Agenda Na. 3: Uwanja. Katibu aliwasilisha barua ya mwalimu mkuu: uwanja utapatikana Jumamosi ya 1, 2, 3 na 6, hautapatikana ya 4 (mahafali) na ya 5 (mtihani). Ratiba ya mazoezi ya jioni 5 imebandikwa kama kiambatisho A.*

*Agenda Na. 4: Mechi. Nyumbani 1, 2 na 6. Ugenini 3, 4 na 5. Uthibitisho wa wapinzani umepokelewa kwa maandishi. Mhusika: katibu.*

*Agenda Na. 5: Mdhamini. Barua 2 zilisomwa. Ya kwanza: milioni 1 ya uhakika, milioni 4 kwa sharti la kupanda daraja; jezi yake haitavaliwa na timu ya vijana. Ya pili: milioni 1.5 ya uhakika, milioni 1.5 kwa sharti la mechi 4 za nyumbani, ambazo kwa sasa ziko 3.*

MzeeWaKipenga

Sasa mtu wa Dodoma akisoma anaelewa. Lakini hii ni rasimu ya kikao kijacho, usiipachike tarehe ya Jumapili iliyopita. Barua ya mwalimu mkuu haikuwepo siku ile.

Kwa mdhamini, mpigieni kabla ya kusaini. Mwombeni sharti liwe mechi 3 na bango libaki kwenye mazoezi ya Jumapili ya maveterani, au tarehe isogezwe mpaka Oktoba mcheze ya nne. Akikataa, angalau mnajua mnasaini milioni 1.5 na si 3.

Mtumzima_Tandika

Nina swali la kuudhi. Kamati 9, akidi kwa katiba nyingi ni zaidi ya nusu, yaani 5. Wakija tena 5 na mhazini akatoka wanabaki 4. Kura hiyo itakuwa halali?

KatibuChipukizi

Hilo sikulifikiria.

MzeeWaKipenga

Mtumzima, leo umenipiga chenga. Kuna katiba zinazosema akidi inahesabiwa kikao kinapoanza, kuna zinazotaka iwepo kura inapopigwa, na nyingi za klabu ndogo hazisemi kitu. Soma ile mliyosajilia kwa Msajili pale Baraza la Michezo la Taifa, achana na nakala za mkononi, maana huwa zimebadilishwa. Kama haisemi, dawa ni kuhakikisha wanakuja 6 au zaidi.

KatibuChipukizi

Nimesoma katiba. Ukurasa wa akidi umeandikwa "nusu ya wajumbe". Nusu ya 9.

Mtumzima_Tandika

Nne na nusu. Mleteni na mtoto wa mhazini.

KatibuChipukizi

Tunakaa Alhamisi. Waliothibitisha ni 6, mmoja wao mhazini mwenyewe. Nimempigia, amenuna kidogo ila amesema atalitamka mwenyewe la kaka yake. Mdhamini amesema atajibu Ijumaa, yaani baada ya kikao.

SalmaWinga7

Leo Jumatano tumekuta uwanja mzima uko wazi na karatasi ya ratiba imebandikwa kwenye mlango wa stoo. Kocha wa wakubwa kaja, kaisoma, kachukua kalamu akaandika chini "siafiki", akaondoka. Tumefanya mazoezi mpaka giza. Hilo neno lake mtaliingiza kwenye muhtasari?